Mshahara Ugawanywe Kabla ya Kuguswa

Tazama hati ya mshahara ya mwajiriwa yeyote nchini Kenya. Utakuta kodi ya PAYE, mchango wa NSSF, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHIF iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, na kwa wengi makato ya Sacco. Watu hunung'unikia makato haya kila mwezi, na wana sababu zao. Lakini hakuna anayesahau kuyalipa. Mtu ambaye nyumbani hawezi kuweka shilingi mia mbili zikalala, akifikisha miaka kumi kazini hukuta ana hisa na amana za kutosha kuomba mkopo wa ploti.

Pesa za Sacco zimekaa kwa sababu hazikupita mkononi mwake. Zilikatwa kabla mshahara haujafika benki, kwa hiyo hakuna siku aliyolazimika kuchagua kati ya akiba na kitu kingine. Swali la makala hii ni jinsi ya kuutendea hivyohivyo mshahara uliobaki, ule unaoingia kwenye akaunti na kuanza kuyeyuka siku hiyohiyo. Vifaa vya kazi ni vitatu na karibu kila mtu anavyo tayari kwenye simu: uhamisho unaojiendesha wenyewe, vibubu tofauti kwa malengo tofauti, na ujumbe wa salio. Kinachokosekana kwa kawaida ni mpangilio. Kila kimoja kikitumika peke yake hakifiki mbali.

Tuchukue mfano tutakaokwenda nao mpaka mwisho. Karani wa kampuni ya uchukuzi mjini Mombasa anapokea shilingi 48,000 mkononi baada ya makato yote, Sacco ikiwemo. Anapanga nyumba Kisauni kwa 12,000. Ana mtoto katika shule ya upili ya bweni. Humtumia mama yake 4,000 kila mwezi na ana chama cha 2,000. Si tajiri wala si fukara, na tarehe 18 ya kila mwezi huwa anakopa.

Kabla ya kupanga lolote, alipaswa kujua pesa zake zinakwenda wapi kwa kweli, si anavyodhani. Kwa mtu anayelipa kila kitu kwa simu jambo hili ni rahisi kuliko linavyoonekana. Taarifa ya M-Pesa inapatikana kwenye programu ya simu, au kwa kupiga *334# na kuingia sehemu ya akaunti yako. Omba ya miezi mitatu, keti nayo jioni moja na kalamu za rangi, upake rangi moja kwa chakula, nyingine kwa nauli, nyingine kwa jamaa, nyingine kwa mikopo na ada zake. Mwezi mmoja hautoshi, kwa kuwa unaweza kuwa ulikuwa na msiba au harusi. Miezi mitatu huonyesha desturi. Wengi hugundua kwamba kinachowamaliza ni malipo ya mia na mia mbili yanayojirudia mara sitini, wala si ile simu mpya waliyoilaumu.

Karani wetu alipomaliza alipata hesabu hii. Kodi ya nyumba 12,000, umeme na maji 3,000, mama 4,000, chama 2,000. Akaongeza karo 3,400 na dharura 3,000, ambazo hapo awali hakuwa anaziweka kabisa. Jumla 27,400. Kilichobaki, 20,600, ndicho cha chakula, nauli, vocha, sabuni na kila kitu kingine.

Hatua ya kwanza ni kutenganisha akaunti inayopokea mshahara na mahali pa kutumia. Akaunti ya benki inapokea na kugawa tu. Kadi yake inabaki nyumbani kabatini. Pesa za kutumia zinahamia M-Pesa kidogo kidogo, na hapo ndipo anapolipia mboga na matatu. Mtu anayelipa moja kwa moja kutoka akaunti ya mshahara huona salio la 48,000 siku ya kwanza, na macho hayatofautishi 20,600 zilizo zake na 27,400 ambazo tayari ni za mwenye nyumba, mama na shule. Wiki ya kwanza hula kama mwenye arobaini na nane. Kosa hili hutokea hata kwa watu wenye nidhamu kubwa, kwa kuwa namba wanayoisoma haiwaambii ukweli.

Ugawaji wenyewe hufanywa kwa agizo la kudumu. Unaielekeza benki mara moja tu, kwenye programu ya simu au kwa fomu tawini: kila mwezi tarehe fulani, toa kiasi fulani, peleka akaunti fulani. Hapa tarehe ndiyo inayofanya kazi au kuharibu kazi. Ukiweka tarehe 28 na mwajiri akalipa tarehe 30, agizo litakuta akaunti tupu na kushindwa, na benki nyingi hutoza ada kwa agizo lililokosa pesa. Ukiweka tarehe 5 ili uwe salama, umeuacha mshahara mzima wazi kwa karibu wiki moja, na hiyo ndiyo wiki ambayo kila mdeni anakupigia simu. Njia nzuri ni kuangalia taarifa ya benki ya miezi sita iliyopita, kutafuta tarehe mshahara uliyochelewa zaidi, na kuweka agizo siku inayofuata. Karani wetu alikuta kampuni yake hulipa kati ya tarehe 27 na 30. Akaweka maagizo yote tarehe 1. Mwenye nyumba hudai tarehe 5, kwa hiyo siku chache za usalama zimebaki.

Wanaolipwa moja kwa moja kwa simu, kama walinzi na wafanyakazi wa nyumbani wengi, hawana agizo la benki. Tangu 2024 wana M-Pesa Ratiba, ambayo hukuwezesha kupanga malipo yanayojirudia kwenda kwa mtu, kwa Paybill au kwa namba ya duka. Sharti ni lilelile: siku ya malipo ikifika, pesa ziwepo.

Sasa vibubu. Watu wengi hufungua vingi mno siku ya kwanza: cha Krismasi, cha nguo, cha safari, cha simu. Mwezi wa tatu wanavichota vyote kimoja baada ya kingine na kukata tamaa. Nashauri viwili, vitatu vikizidi, na kila kimoja kiwekwe mahali ambapo ugumu wa kuchota unalingana na kazi yake. Hilo ndilo jambo la kuamua, kuliko hata riba.

Kibubu cha dharura lazima kifunguke haraka. Mtoto akilazwa usiku, pesa zilizofungwa miezi sita hazina msaada. Zinafaa akaunti ndogo ya akiba katika benki ileile, isiyo na kadi, au M-Shwari ya kawaida, ambayo Safaricom na benki ya CBA, sasa NCBA, waliianzisha mwaka 2012, na ambako kuhamisha kutoka M-Pesa hakutozwi ada. Fuko la uwekezaji wa soko la fedha hulipa riba nzuri zaidi kwa kawaida, ingawa asilimia 15 ya riba hiyo hukatwa kodi. Mengi huchukua siku moja hadi tatu za kazi kutoa pesa. Kwa watu wengine kucheleweshwa huko ni baraka. Lakini dharura ya kweli haingoji Jumatatu, kwa hiyo ningeacha angalau sehemu ya kibubu hiki mahali pa kuchota papo hapo.

Kibubu cha karo ni kinyume chake. Karo haishtukizi mtu. Tarehe ya kufungua shule hutangazwa mapema na kiasi kinajulikana, kwa hiyo pesa zake zinaweza kufungwa. Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu karo ndiyo inayoangusha bajeti nyingi za Wakenya, na hesabu yake ina umbo linaloshangaza ukilitazama kwa karibu.

Kiwango kilichowekwa na serikali kwa shule ya bweni ya aina anayosoma mtoto wa karani ni shilingi 40,535 kwa mwaka. Mwongozo wa wizara hugawa karo kwa muhula kwa uwiano wa 50, 30 na 20. Kwa hiyo Januari anadaiwa takriban 20,268, muhula wa pili 12,161, na wa tatu 8,107. Ukigawa 40,535 kwa miezi kumi na miwili unapata 3,378, tuseme 3,400. Mzazi anayefikiri kwa mihula mitatu iliyo sawa hushangaa Januari inapomtaka nusu nzima.

Karani alilipa Januari kwa mkopo, kama miaka yote, kisha akaanza kibubu kwa mshahara wa mwisho wa Januari. Kufikia mshahara wa Aprili kina 13,600. Analipa 12,161 za muhula wa pili, zinabaki 1,439. Mei, Juni na Julai zinaongeza 10,200, jumla 11,639. Agosti analipa 8,107, zinabaki 3,532. Kisha inakuja miezi mitano bila malipo, Agosti hadi Desemba, yenye 17,000. Kibubu kinafika 20,532. Januari inadai 20,268. Zinabaki shilingi 264, na safari hii hakukopa.

Hesabu hiyo imekaa vizuri, lakini ina sehemu moja nyembamba. Shule zikifungua mwishoni mwa Aprili kabla mshahara wa Aprili haujaingia, kibubu kitakuwa na 10,200 tu na kukosa karibu 2,000. Ni mahali pekee katika mwaka ambapo kibubu kinaweza kupungukiwa, na dawa yake ni kukijua mapema: miezi ya Februari na Machi aweke elfu moja zaidi kila mwezi, kisha apunguze kiasi hichohicho baadaye. Pia shule nyingi huomba michango juu ya kiwango cha serikali. Ikiwa yako hufanya hivyo, tumia kiasi unacholipa kweli kwenye risiti za mwaka jana, si kilicho kwenye mwongozo.

Kwa kufunga, akaunti ya kufungia pesa ya M-Shwari au ya benki yako inafaa, mradi muda wa kufungwa uishie kabla ya siku ya kulipa. Kosa la kawaida ni kufunga mwezi Februari kwa miezi sita kwa sababu riba ilionekana nzuri, kisha muhula wa pili unafunguliwa Aprili na pesa haziguswi mpaka Agosti. Pesa za muhula wa pili zifungwe miezi miwili au zisifungwe kabisa. Zile za Agosti mpaka Desemba ndizo za kufunga kwa muda mrefu.

Tumebaki na 20,600 za kutumia, na ujumbe wa salio. Karani wetu haziachi zote zihamie M-Pesa siku moja. Kila Jumapili jioni anahamisha 4,700. Programu za benki kadhaa hukuruhusu kupanga uhamisho huu ujiendeshe kila wiki. Kama yako hairuhusu, weka kengele ya simu Jumapili saa moja usiku na uhamishe mwenyewe. Angalia ada pia: msamaha wa ada za kutoa pesa benki kwenda simu, uliowekwa Machi 2020 wakati wa korona, uliisha mwanzoni mwa 2023, kwa hiyo kuhamisha mara nne kunatozwa mara nne. Ukikuta jumla inafika shilingi mia mbili au tatu kwa mwezi, hamisha mara mbili kwa mwezi badala ya nne.

Mtu atauliza kwa nini 4,700. Miezi mingi ina Jumapili nne, na nne mara 4,700 ni 18,800, kwa hiyo 1,800 zinabaki. Lakini takriban kila miezi mitatu kuna mwezi mmoja wenye Jumapili tano, nao unahitaji 23,500, yaani 2,900 zaidi ya alizo nazo. Mabaki ya miezi miwili mingine, 3,600, ndiyo yanayoziba. Mtu anayeona 1,800 mwisho wa mwezi na kuzifurahia kama ziada amekula Jumapili ya mwezi ujao. Kwa hiyo mabaki hayo hukaa akaunti ya mshahara bila kuguswa. Na kama mwezi wake wa kwanza una Jumapili tano, karani aanze na 2,900 za ziada kando, hata kama inamaanisha kibubu cha dharura kingoje mwezi mmoja.

Sasa arifa inakuwa na maana. Watu wengi wamewasha ujumbe kwa kila muamala na hawasomi hata mmoja, kwa sababu ujumbe unaokuja mara thelathini kwa siku haumwambii mtu kitu. Arifa nzuri ina kiwango kimoja, na kiwango hicho kinahusu siku zilizobaki.

Kwenye M-Pesa karani hahitaji kuwasha chochote. Kila malipo yanaishia na maneno kama "New M-PESA balance is Ksh2,014.00." Anachohitaji ni kujua namba gani inapaswa kuwa hapo na lini. Wiki inaanza Jumapili jioni kwa 4,700, ambazo ni kama 671 kwa siku. Siku zinazohesabiwa ni Jumatatu mpaka Jumapili. Jumatano usiku siku tatu zimekwisha na nne zimebaki, kwa hiyo inapaswa kubaki takriban 2,700. Ndiyo namba pekee anayoikumbuka: Jumatano usiku, elfu mbili na mia saba. Ikiwa ipo, asisome ujumbe mwingine wowote wiki hiyo. Ikiwa ni 1,900, ana siku nne za kurekebisha: apike maharagwe mara mbili badala ya kununua chakula cha nje kazini, ashuke stejini mapema atembee. Ikiwa ni 2,014 Ijumaa, mambo ni mazuri kuliko alivyopanga. Faida ya Jumatano ni kwamba habari mbaya inafika wakati bado kuna cha kufanya. Habari hiyohiyo Jumamosi usiku ni masikitiko tu.

Kwenye akaunti ya benki arifa ni ya aina nyingine. Programu nyingi za benki zina sehemu ya kuweka kiwango cha chini cha salio. Tarehe 1 maagizo yakishatoka, akaunti ibaki na pesa za wiki zilizobaki na mabaki yake. Weka kiwango 4,700, yaani wiki moja. Arifa ikilia kabla ya Jumapili ya mwisho, kuna kitu kimechota ambacho hukukipanga: agizo lililotoka mara mbili, ada, au mtu ndani ya nyumba mwenye namba ya siri. Ikiwa benki yako haina arifa ya kiwango, omba ujumbe wa kila muamala kwenye akaunti hiyo tu. Kwa kuwa akaunti hiyo haifanyi kazi nyingi, ujumbe wake utakuwa mchache na utasomwa.

Kuna kitu kimoja kinachoweza kuziba masikio ya mpango wote huu, na nchini Kenya kiko kwenye simu za mamilioni. Fuliza, iliyoanzishwa Januari 2019, hukamilisha malipo yako hata salio likiwa halitoshi. Ni huduma yenye matumizi yake, na sisemi mtu asiitumie kamwe. Lakini fikiria inachofanya kwa arifa. Alhamisi mtu ana 300, anataka kulipa 500 za unga na mafuta. Zamani malipo yangekataliwa, na kukataliwa huko kungemwambia wazi kwamba wiki imekwisha Alhamisi. Sasa malipo yanapita. Salio kwenye ujumbe linasoma Ksh0.00, na sifuri haishuki zaidi ya hapo hata deni likifika 1,200. Ile namba ya Jumatano imepoteza kazi yake.

Jumapili inapofika 4,700 zinaingia, na deni linakatwa kwanza kabla hajagusa chochote. Linakatwa lile alilotumia, ada ya kuanzia ya asilimia moja, na ada za kila siku zinazopanda kulingana na ukubwa wa deni. Aliyefuliza 1,200 anaanza wiki mpya na chini ya 3,500, kwa hiyo Jumatano yake itaanguka tena, na atafuliza tena, safari hii pengine Jumatano yenyewe. Kila wiki inaanza mapema kidogo kuisha. Hivyo ndivyo mtu mwenye mshahara wa kutosha anavyojikuta anaishi kwa deni la wiki iliyopita mwaka mzima, na akiulizwa anasema hakopi.

Ukitaka kujua kama umo ndani ya mzunguko huu, rudi kwenye ile taarifa ya miezi mitatu, utafute kila mstari wenye neno Fuliza na ujumlishe ada peke yake. Kutoka ndani yake kunahitaji wiki moja ya kubana: lipa deni lote kwa 1,800 za mabaki au kwa kibubu cha dharura mara moja, kisha ujiondoe kwenye huduma kupitia menyu ya *234#. Anayeogopa kuachwa njiani bila nauli aache mia tano taslimu nyumbani ndani ya bahasha. Zinafanya kazi ileile bila ada.

Inafaa pia kusema mpango huu hauwezi nini. Ikiwa Jumatano za mwezi mzima, kisha za mwezi wa pili, zote zinakosa 2,700 na hakuna anasa yoyote kwenye taarifa, basi bajeti ndiyo yenye makosa. Chakula cha nyumba hiyo kinagharimu zaidi ya ilivyoandikwa. Hapo hakuna arifa itakayosaidia. Lazima kitu kitoke kwenye zile 27,400, na pengine chama kisubiri mwaka mmoja, au nyumba ya 12,000 iwe ya 9,000. Ni mazungumzo magumu, na katika nyumba ya watu wawili lazima yafanywe na wote wawili. Nimeona familia ambako mume ameweka vibubu vyote kwenye simu yake, mke hajui kwa nini mwezi umekuwa mfupi, na kila mmoja anadhani mwenzake anaficha pesa. Taarifa ile ya miezi mitatu iwekwe mezani, wote waisome.

Desemba ndiyo mtihani wa mwisho. Waajiri wengi, serikali ikiwemo, hulipa mapema kabla ya Krismasi. Tuseme karani wetu analipwa tarehe 20. Mshahara wa Novemba umetumika kwa Jumapili tatu tu, kwa hiyo 6,500 za matumizi bado ziko benki, na juu yake unaingia mshahara mzima. Akaunti haijawahi kuonekana imeshiba kiasi hiki. Watu husema Januari ni ndefu, na kweli, kutoka tarehe 20 Desemba mpaka tarehe 31 Januari kuna siku 42 na Jumapili sita. Jumapili sita zinahitaji 28,200. Zile 6,500 na 20,600 za mshahara mpya ni 27,100. Pengo ni 1,100, na mabaki ya akaunti yanalifunika. Pesa hazikupungua, zimekuja mapema tu, na anayehesabu kwa Jumapili badala ya kwa mwezi hahitaji kubadilisha chochote kwenye uhamisho wa wiki.

Kitu kimoja tu anapaswa kukifanya kwa mkono. Maagizo ya tarehe 1 yatauacha mshahara ule ukae wazi siku kumi na mbili, tena siku za Krismasi, wageni na safari za pwani na bara. Kwa hiyo siku mshahara wa Desemba unapoingia, anafungua programu ya benki na kuhamisha 3,400 za karo na 3,000 za dharura jioni hiyohiyo, anamtumia mama yake, na anamlipa mwenye nyumba kodi ya Januari mapema. Kisha anasitisha maagizo ya tarehe 1 Januari yasije yakatoka mara ya pili. Programu nyingi zina kitufe cha kusitisha agizo kwa mwezi mmoja bila kulifuta. Asipokiona, apige simu benki siku hiyo, kwa sababu wiki ya Krismasi laini za huduma hujaa.